Boriti Hii Inabeba Tani Ngapi?

Shimo la mita 8 kwenye mchanga mkavu. Boriti za chuma zimelazwa ukuta hadi ukuta, kina cha mita 1, 4 na 7. Ralph Peck, akitumia vipimo vya boriti halisi, alichora mstatili unaofunika mizigo mikubwa. Si msukumo halisi wa udongo, ni kinga. Kwa mchanga huu unatoa kilonyutoni 31.2 kwa kila mita ya mraba, juu hadi chini.

Uchukulie ukuta kama una bawaba kwenye boriti ya kati. Kipande cha juu kinasukumwa na 31.2 × 4 = 124.8, ukipiga mizani kwenye bawaba, boriti ya juu inapata 124.8 × 2 ÷ 3 = 83.2, ya kati 41.6. Chini ni vilevile, hivyo ya kati nayo inafika 83.2. Zikipangwa kila mita 3, kila boriti hubeba takriban tani 25. Maji yakijitokeza, msukumo wake uongezwe kando.