Idadi ya spishi au tofauti za kazi: kipi kinapima vizuri uhai wa ardhi?

Mkulima wa Babati, mkoani Manyara, anayepanda mahindi pamoja na mbaazi ana spishi mbili tu shambani. Jirani yake akichanganya mahindi, mtama na uwele, anazo tatu. Kwa kuhesabu spishi, shamba la jirani ndilo lenye mchanganyiko mkubwa zaidi. Lakini mimea yake yote mitatu ni ya jamii ya nyasi, na mahitaji yao ya jua na naitrojeni yanafanana sana. Mbaazi ni jamii ya mikunde: bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Mizizi yake huenda chini sana, na mwanzoni hukua polepole, hivyo hayasongi mahindi. Hushika kasi mahindi yanapokaribia kuvunwa.

Hapo ndipo penye mjadala wa miaka mingi kati ya wanaikolojia. Tukitaka kutabiri kiasi cha majani ambacho ardhi itazalisha, au rutuba itakayobaki kwenye udongo, tuhesabu spishi, au tupime sifa za mimea zinazohusu kazi: kimo, kina cha mizizi, unene wa jani, uwezo wa kunasa naitrojeni?

Ugumu wa swali ni kwamba vipimo hivi viwili hutembea pamoja. Ukiongeza spishi, kwa kawaida unaongeza na sifa mpya. Mavuno yakipanda, huwezi kujua ni kipi kilichoyapandisha. Tena, kitalu chenye spishi nyingi kina nafasi kubwa zaidi ya kumpata kwa bahati mmea mmoja hodari unaobeba mavuno yote. Hapo kinachofanya kazi ni mmea ule, wala si mchanganyiko.

Ili kutenganisha mambo haya, mwaka 1994 David Tilman na wenzake walianza jaribio huko Cedar Creek, jimbo la Minnesota, Marekani. Walitumia vitalu 289, kila kimoja kikiwa na meta 13 kwa 13, wakapanda kuanzia spishi moja hadi 32. Mimea waliigawa katika makundi matano: mikunde, nyasi za msimu wa baridi, nyasi za msimu wa joto, mimea ya maua isiyo mikunde, na mimea ya miti. Ujanja wao ulikuwa kubadilisha idadi ya spishi na idadi ya makundi kila moja kwa njia yake, ili vitalu vyenye idadi moja ya spishi viweze kuwa na makundi machache au mengi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Idadi ya makundi, na hasa ni makundi gani yaliyokuwepo, ilieleza uzalishaji wa mimea vizuri kuliko idadi ya spishi. Wengi wakadhani kesi imekwisha: pima sifa, achana na hesabu ya spishi.

Haikwisha. Mwaka 2002 jaribio jingine lilianza mjini Jena, Ujerumani, kwenye uwanda wa mto Saale, likiwa na spishi 60 za mimea ya malisho. Mwaka 2020 Fons van der Plas na wenzake walichambua takwimu zake za miaka kumi. Walitumia sifa 41 za mimea kukisia mambo 42 yanayotokea kwenye malisho, toka wingi wa majani hadi viumbe wa udongoni. Mwaka mmoja mmoja, sifa zilieleza takriban theluthi moja ya tofauti kati ya vitalu. Miaka yote ilipowekwa pamoja, zilieleza kama asilimia 13 tu.

Sababu mojawapo inaeleweka. Sifa huchaguliwa na mtafiti, naye hupima zilizo rahisi: kimo na jani hupimika kwa rula na mizani, lakini uhusiano wa mmea na kuvu wa udongoni, au kinga yake dhidi ya wadudu, hautazamwi kirahisi. Idadi ya spishi haielezi sababu yoyote, lakini inabeba hata zile sifa ambazo hakuna aliyezipima. Na sifa iliyosaidia mwaka wa mvua inaweza isisaidie mwaka wa ukame.

Kwa hiyo, aya ya mapitio inayosema kwamba sifa hushinda idadi, ikakomea hapo, haijasema lolote. Aya nzuri hutaja ni kazi gani iliyopimwa, ni sifa zipi zilizochaguliwa, kwa miaka mingapi, na kama idadi ya spishi ilidhibitiwa isije ikachukua sifa ya kitu kingine. Sifa hutueleza kwa nini shamba la mahindi na mbaazi linafaa. Idadi ya spishi hutukinga na yale tusiyoyajua. Mtafiti makini huripoti zote mbili.