Kutoka Mfuatano hadi Sababu: Upotofu wa Hoja katika Kiswahili cha Mikutano na cha Magazeti

1.0 Utangulizi

Tangu Aristotle, wataalamu wa mantiki wamezoea kuugawa upotofu wa hoja katika mafungu mawili: ule unaotokana na lugha na ule ulio nje ya lugha. Neno lenye maana mbili huwekwa katika fungu la kwanza. Kudhani kwamba jambo lililotangulia ndilo lililosababisha jambo lililofuata huwekwa katika fungu la pili, kwa kuwa huonekana kuwa kosa la fikra wala si la maneno. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa Kiswahili, mpaka huo si imara kama unavyodhaniwa. Upotofu wa aina zote mbili una mahali pake maalumu katika sentensi, na mahali hapo panaweza kutafutwa na kuonekana. Aidha, yatatoa hoja kwamba kuugundua upotofu si sawa na kulikanusha hitimisho. Mifano yote inahusu Mkoa wa Kagera: mmoja wa kihistoria, na mingine iliyotungwa kwa ajili ya zoezi.

2.0 Kiambishi -ka- na ugonjwa ulioitwa Juliana

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuripoti wagonjwa. Kabla jina UKIMWI halijaenea, watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo Juliana. Hilo lilikuwa jina la aina ya nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda katika miaka ya uhaba wa bidhaa iliyofuata vita vya 1978 na 1979. Ilionekana kwamba walioshughulika na nguo hiyo ndio waliokuwa wakikonda na kufa. Ng'ambo ya mpaka, katika Wilaya ya Rakai, ilisimuliwa hadithi iliyoelekea upande mwingine: kwamba vifo hivyo vilitokana na uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliokuwa wamedhulumiwa mali zao.

Hoja ya Juliana inaweza kuandikwa kwa ufupi hivi:

(1) Walivaa Juliana, wakaugua.

Sentensi hii haina neno lolote la kutaja sababu. Kilichopo ni kiambishi -ka-, ambacho kazi yake ni kuonyesha kwamba tendo la pili lilifuata la kwanza katika masimulizi. Katika "Alifika, akaketi, akaomba maji", hakuna msikilizaji anayedhani kwamba kuketi ndiko kulikosababisha kuomba maji. Lakini katika "Alianguka, akavunjika mguu", kila msikilizaji huelewa kwamba kuanguka ndiko kulikovunja mguu. Kiambishi ni kilekile. Sababu imeongezwa na msikilizaji kutokana na anayoyajua kuhusu miguu na kuanguka.

Jambo hili laweza kuthibitishwa kwa jaribio jepesi la kukanusha:

(2) a. Walivaa Juliana, wakaugua, lakini si kwa sababu ya nguo hiyo.
b. Waliugua kwa sababu ya kuvaa Juliana, lakini si kwa sababu ya nguo hiyo.

Sentensi (2a) inakubalika, ilhali (2b) inajipinga yenyewe. Kwa hiyo, dhana ya sababu haimo katika maana ya -ka-. Ni nyongeza ambayo msemaji anaweza kuikana wakati wowote. Hapo ndipo hatari ilipo. Msimulizi hadaiwi uthibitisho wa sababu kwa kuwa hakuitamka, na msikilizaji haidai kwa kuwa amekwisha kujipatia mwenyewe. Aristotle, katika kitabu chake cha Balagha, anamtaja Demade, aliyedai kwamba siasa za Demosthene ndizo zilizoleta maovu yote kwa kuwa vita vilitokea baada yake. Demade alilazimika kulitamka dai lake. Msemaji wa Kiswahili anaweza kupata matokeo yaleyale kwa silabi moja.

Hatua ya kwanza ya uchambuzi, basi, ni kuiondoa -ka- na kuweka "kwa sababu ya" mahali pake, kisha kuuliza kama msemaji yu tayari kulitetea dai hilo jipya. Hatua ya pili ni kuuliza juu ya makundi mawili ambayo simulizi haikuyataja: waliovaa wasiugue, na walioougua bila kuvaa. Kundi la pili peke yake linatosha kuiangusha hoja ya nguo, kwani watoto waliozaliwa wakiwa na maambukizi hawakuwahi kuivaa. Hatua ya tatu ni kutafuta jambo lililo nyuma ya yote mawili. Aliyekuwa akiuza au kununua Juliana mara nyingi alikuwa mtu wa safari, mwenye fedha mkononi, anayelala katika vituo vya njiani au mwenye uhusiano na wanaolala huko. Safari ndiyo iliyoleta nguo, na safari hiyohiyo ilirahisisha maambukizi. Nguo na ugonjwa vilikuwa abiria wa chombo kimoja.

Hapa ndipo inapofaa kuwa mwangalifu. Waliouita ugonjwa huo Juliana walikosea kuhusu sababu, lakini hawakukosea kuhusu mfuatano. Waliona, kabla ya vipimo vya damu kupatikana, kwamba ugonjwa unafuata njia za biashara zinazovuka mpaka. Mtu ambaye angeitupa kauli yao yote kwa kuwa ni upotofu angeitupa pia habari muhimu iliyokuwamo. Hoja ilikuwa mbovu, lakini kauli tangulizi yake ilistahili kuchunguzwa.

3.0 Neno "kilo" katika mkutano wa ushirika

Mfano wa pili ni wa kazini. Uchukuliwe mkutano wa chama cha msingi cha ushirika katika eneo la kahawa kama Kata ya Kimuli, iliyo katika Wilaya ya Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Mwanachama anasimama na kusema:

(3) Msimu huu chama kimepokea kilo 40,000 kutoka kwetu. Kiwandani zimetoka kilo 17,000. Kwa hiyo kilo 23,000 zimeibwa, na karani wa mizani ajiuzulu.

Hoja hii ina nguvu kwa sababu tarakimu zake ni za kweli na hesabu yake ya kutoa haina kosa. Upotofu umo katika neno "kilo". Robusta ya Kagera kwa kawaida hukaushwa nzima, na mkulima huipima ikiwa bado na maganda. Kiwandani hukobolewa, na kinachotoka ni kahawa safi, yenye uzito wa takriban nusu ya maganda yaliyokauka vizuri. Kilo ya kwanza katika (3) ni ya maganda. Ya pili ni ya kahawa safi. Na kilo 23,000 za hitimisho si za kitu chochote kinachoweza kupimwa.

Kiswahili kinaruhusu kosa hili kwa kuwa kinaruhusu jina la kitu kilichopimwa kuachwa pale ambapo muktadha unatosha. "Kilo ngapi?" ni swali kamili mbele ya mizani. Lakini likihamishwa kutoka mizani moja hadi nyingine, muktadha hubadilika na neno hubaki vilevile. Dawa yake ni ya kisarufi: kila kipimo kirudishiwe kikamilisho chake. Mara (3) inapoandikwa upya kwa "kilo za maganda" na "kilo za kahawa safi", kila msikilizaji huona kwamba kutoa moja katika nyingine hakuna maana.

Je, karani ameokoka? La hasha. Kwa kipimo cha nusu, kilo 40,000 za maganda zilitarajiwa kutoa kilo 20,000 za kahawa safi. Zimetoka 17,000, kwa hiyo kuna pengo halisi la kilo 3,000. Yawezekana kahawa ilipokewa ikiwa mbichi. Tuseme maganda yalikuwa na unyevu wa asilimia 20 badala ya asilimia 12 inayotakiwa. Katika kilo 40,000, kilo 8,000 zilikuwa maji na 32,000 kahawa kavu kabisa. Kiasi hicho, kikiwa na unyevu wa asilimia 12, kina uzito wa karibu kilo 36,360, na nusu yake ni kama kilo 18,180. Kwa hiyo unyevu unaeleza takriban kilo 1,820 za pengo. Zinabaki takriban kilo 1,180 ambazo unyevu hauzielezi. Huenda ni mawe na takataka, huenda ni punje changa, huenda ni mizani mibovu, na huenda ni wizi. Mwanachama alikosea hoja yake, lakini alikuwa na haki ya kuuliza.

4.0 Neno lilelile gazetini

Upotofu wa namna hii huonekana pia katika vichwa vya habari. Uchukuliwe mfano wa kubuni:

(4) Kahawa yauzwa mnadani shilingi 4,600 kwa kilo, mkulima aambulia 2,000.

Msomaji huelewa kwamba mkulima amenyimwa shilingi 2,600. Lakini ikiwa bei ya mnadani ni ya kahawa safi na ya mkulima ni ya maganda, ulinganisho wa haki ni baina ya 4,600 na 4,000, yaani malipo ya kilo mbili za maganda zinazotoa kilo moja safi. Tofauti ni shilingi 600. Vilevile kitenzi "aambulia" kinatoa hukumu kabla ya ulinganisho kufanywa. Mhariri anayekiondoa kitenzi hicho bila kurekebisha kilo ataisafisha lugha na kuuacha upotofu. Hata hivyo, shilingi 600 nazo zinadai maelezo: ngapi ni za usafirishaji, ngapi za kukoboa, ngapi za makato ya ushirika na ushuru. Kichwa cha habari kilichosahihishwa kinaliweka swali la dhuluma mahali ambapo linaweza kujibiwa.

5.0 Hitimisho

Mifano iliyochambuliwa inaonyesha kwamba upotofu wa sababu unaweza kubebwa na lugha sawasawa na upotofu wa maana mbili. Katika (1) kilichoachwa ni kiunganishi cha sababu. Katika (3) na (4) kilichoachwa ni jina la kitu kilichopimwa. Mchambuzi hurudisha kilichoachwa, kisha huisoma hoja upya.

Ipo, hata hivyo, namna mbaya ya kutumia ujuzi huu. Mwenyekiti wa mkutano anayemjibu mwanachama wa (3) kwa kusema tu kwamba hoja yake ni potofu, kisha akafunga mjadala, naye anafanya upotofu: anachukua udhaifu wa mashitaka kuwa ushahidi wa usafi wa mshitakiwa. Hitimisho lililokosa hoja halijathibitishwa kuwa la uongo. Limerudi tu kuwa swali. Katika mfano wa ushirika, swali hilo ni la kilo 1,180 za kahawa safi, na anayepaswa kulijibu bado ana daftari la mizani mkononi.