Mateke ya farasi na namba 0.61

Kuanzia mwaka 1875 hadi 1894, katika jeshi la Prusia kulikuwa na rekodi za askari waliokufa kwa kupigwa teke na farasi, kikosi kwa kikosi, mwaka kwa mwaka. Mwanatakwimu Ladislaus von Bortkiewicz alizichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1898. Tukichukua vikosi 10 vilivyofanana kimuundo, kwa miaka 20, tunapata rekodi 200. Katika rekodi 109 hakufa mtu. Katika 65 alikufa askari mmoja, katika 22 walikufa wawili, katika 3 watatu, na katika rekodi 1 wanne. Jumla ya vifo ni 122.

Tunataka kujua kasi ya ajali hizi, yaani kikosi kimoja kitarajie vifo vingapi kwa mwaka. Wengi wetu tungegawanya 122 kwa 200, tukapata 0.61, tukaendelea na shughuli zetu. Lakini kwa nini wastani? Tukizipanga rekodi zote kwa mstari, ile ya katikati ni 0. Kwa nini tusiichukue hiyo? Mwingereza Ronald Fisher, katika makala yake ya mwaka 1922, alieleza kwa upana njia ya kujibu maswali ya namna hii: chagua kasi ile ambayo, kama ingekuwa ndiyo ya kweli, ingeyapa matokeo tuliyoyaona uwezekano mkubwa kuliko kasi nyingine yoyote.

Ili njia hiyo ifanye kazi, lazima kwanza tukubaliane jinsi ajali zinavyotokea. Tuchukue kwamba ni adimu, kwamba moja haiiti nyingine, na kwamba kasi yake haibadiliki. Kwa hali kama hiyo kuna fomyula ya Mfaransa Siméon Denis Poisson, aliyoitoa mwaka 1837. Kasi tuiite λ, herufi ya Kigiriki inayosomwa lambda. Uwezekano wa kuona vifo x katika rekodi moja ni:

```
P(x) = e^(-λ) · λ^x / x!
```

Hapa e ni namba isiyobadilika, takriban 2.718, na x! ni kuzidisha kutoka x kushuka hadi 1, kwa hiyo 3! ni 6. Alama 0! huhesabiwa kuwa 1. Tukijaribu λ ya 0.5, rekodi isiyo na kifo ina uwezekano wa 0.607, na yenye kifo kimoja 0.303.

Kwa kuwa rekodi hazitegemeani, uwezekano wa kuziona zote 200 kwa pamoja hupatikana kwa kuzizidisha namba zake zote. Zao hilo ndilo tunalotaka liwe kubwa iwezekanavyo. Data haibadiliki tena. Kinachobadilika ni λ tu. Kila e^(-λ) inajitokeza mara 200, na vipeo vya λ vinajumlishwa hadi 122, kwa hiyo tunabaki na:

```
L(λ) = e^(-200λ) · λ^122 / K
```

K ni zao la zile x! zote. Haina λ ndani yake, kwa hiyo haina la kusema kuhusu λ ipi ichaguliwe.

Tatizo la L ni udogo wake. Hata kwenye λ bora kabisa, thamani yake ni desimali yenye sufuri 89 kabla ya tarakimu ya kwanza isiyo sufuri. Rekodi zikiwa elfu moja, kompyuta ya kawaida itashindwa kuishika namba hiyo na itaandika 0. Dawa yake ni logi asilia. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na kwa kuwa hupanda kila namba inapopanda, λ inayoipa L kilele chake ndiyo hiyo hiyo inayoipa logi yake kilele:

```
ℓ(λ) = -200λ + 122·ln λ - ln K
```

Tuiache ln K pembeni tupime thamani chache. λ ikiwa 0.5, tunapata -184.56. Ikiwa 0.61, tunapata -182.30. Ikiwa 0.7, tunapata -183.51. Mchoro wake basi unapanda, unafika kilele, kisha unashuka. Mtu anayepanda kilima hujua amefika juu pale mwinuko unapokwisha chini ya miguu yake. Hesabu nayo hukitafuta kilele hivyo hivyo: tafuta mwinuko wa mchoro, yaani derivativu, kisha uufanye uwe 0. Derivativu ya -200λ ni -200, ya ln λ ni 1/λ, na ya ln K ni 0:

```
-200 + 122/λ = 0
λ = 122/200 = 0.61
```

Tuhakikishe kwamba hapa ni kilele, si bonde. Derivativu ya pili ni -122/λ², ambayo daima ni hasi, kwa hiyo mchoro umejikunja kuelekea chini na kilele ni kimoja tu. Tukiweka n badala ya 200 na S badala ya 122, tunapata kanuni ya data yoyote ya aina hii: λ ni S/n. Wastani, basi, haukuchaguliwa kwa mazoea. Umetoka ndani ya fomyula ya Poisson yenyewe, na fomyula nyingine ingeweza kutoa kanuni nyingine.

Derivativu hiyo ya pili inatueleza jambo jingine pia. Kilele kikiwa kikali, data inaikataa haraka λ iliyo mbali kidogo. Kikiwa bapa, inavumilia nyingi. Kwenye 0.61 ukubwa wake ni 122/0.61², takriban 328. Gawanya 1 kwa namba hiyo, kisha tafuta kipeuo cha pili: 0.055. Hilo ndilo kosa sanifu la makadirio yetu. Zingatia pia kwamba pengo la 2.26 kati ya logi za 0.61 na 0.5 maana yake ni kuwa kasi ya 0.61 inaipa data hii uwezekano mkubwa karibu mara 10. Haina maana kwamba 0.61 yenyewe ina uwezekano huo wa kuwa kweli.

Hatari kubwa ya njia hii ni kwamba itakupa kilele hata kama fomyula uliyoichagua haifai. Kwa hiyo irudishe 0.61 kwenye fomyula uone inatabiri nini. Kwa rekodi 200 inatarajia 108.7 zisizo na kifo, 66.3 zenye kimoja, 20.2 zenye viwili, 4.1 zenye vitatu na 0.6 zenye vinne. Tuliona 109, 65, 22, 3 na 1. Zinakaribiana mno.

Lakini Bortkiewicz alikuwa na vikosi 14. Vinne, kimojawapo kikosi cha walinzi wa mfalme, vilikuwa na muundo tofauti na vingine. Hivyo vinne vilikuwa na vifo 74 katika rekodi 80, kasi ya 0.925. Ukivichanganya vyote bila kuuliza, unapata 196 kwa 280, yaani 0.70, na derivativu haitakulalamikia. Ila 0.70 si kasi ya kundi lolote kati ya hayo mawili.

Logi ile ile inaweza kuamua kama tofauti hii ni ya kweli. Kwa kasi moja ya 0.70, jumla bila ln K ni -265.91. Tukiruhusu kila kundi liwe na kasi yake, ni -262.07. Kasi ya ziada siku zote hupandisha logi kidogo, hata pasipo tofauti yoyote. Ndiyo maana wanatakwimu hudai ongezeko lipite 1.92, kipimo cha bahati kinachovukwa takriban mara 5 tu katika 100. Hapa ongezeko ni 3.83, maradufu ya kipimo hicho. Vikosi vinne vilistahili kuhesabiwa peke yao.