Bendera Nne na Jokofu la Chanjo

Jokofu la chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Tuseme fundi ametengeneza kidhibiti chake kwa Arduino Uno: joto likiwa chini ya 8, mota izimwe, likifika 8 au zaidi, iwashwe. Joto limo kwenye rejista r16, na amri ni mbili tu:

```
cpi r16, 8
brlo zima
```

Amri ya kwanza inalinganisha. Ndani ya prosesa, kulinganisha ni kutoa: prosesa inatoa 8 kwenye joto, kisha inalitupa jibu. Kinachobaki ni bendera, yaani biti ndogondogo katika rejista ya hali, kila moja ikiwa 1 au 0. Z husimama jibu likiwa sifuri. N hunakili biti ya kushoto kabisa ya jibu, ile inayoonyesha uhasi. C husimama pale kutoa kunapolazimika kukopa nje ya biti nane, na katika kujumlisha husimama pale panapobaki moja ya kubeba. V nitaifikia.

Amri ya pili hailijui joto wala hiyo 8. Inatazama bendera C peke yake: ikiwa 1, programu inaruka hadi mahali palipoitwa `zima`, ikiwa 0, inaendelea na mstari unaofuata, ambako mota huwashwa. Joto likiwa 5, 5 kutoa 8 haiwezekani bila kukopa, C inasimama, mota inazimwa. Likiwa 9, hakuna kukopa, mota inawaka. Fundi anajaribu mezani, kila kitu kinakwenda sawa, jokofu linapelekwa zahanati.

Siku moja muuguzi anaingiza vibunda vya barafu karibu na kipima joto, na joto linasomwa kuwa -2. Katika baiti moja, -2 huandikwa 11111110, na hizo hizo ndizo biti za 254. Prosesa inatoa 8, inapata 246 bila kukopa, C inabaki 0. Kwa `brlo`, joto hili ni kubwa kuliko 8, kwa hiyo mota inawashwa. Kadiri jokofu linavyozidi kupoa ndivyo mota inavyoendelea kuvuma, kwa sababu kila namba hasi itaonekana kubwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ikiganda huharibika, na kuiyeyusha hakuirudishii nguvu.

Prosesa haikukosea. Kwake biti nane ni biti nane. Haina habari kama wewe unazihesabu kutoka 0 hadi 255 au kutoka -128 hadi 127. Hutoa mara moja tu, kisha huweka bendera za kutosheleza hesabu zote mbili. Kuchagua bendera ipi isomwe ni kazi ya mwandishi wa programu.

Mtu anaweza kusema: basi tusome N, jibu likiwa hasi tujue cha kwanza ni kidogo. Kwa -2 na 8 ingefaa. Lakini chukua 100 na -56. Kutoa kunaleta 156, namba isiyoenea katika kipimo kinachoishia 127. Biti ya kushoto inakuwa 1, N inasimama, na 100 inaonekana ndogo kuliko -56! Hapo ndipo V inapohitajika. Hii ni bendera ya kufurika: katika kutoa, husimama pale namba mbili zinapokuwa na alama tofauti na jibu likatoka na alama isiyo ya namba ya kwanza. V ikiwa 1, alama ya jibu imepinduka, na N isomwe kinyume.

Ndiyo maana amri ya `brlt`, iliyowekwa kwa ajili ya namba zenye alama, huruka pale tu N na V zinapotofautiana. Kwa 100 na -56 zote mbili ni 1, hairuki, na ni sahihi. Kwa -2 na 8, N ni 1 na V ni 0: inaruka, mota inazimwa.

Tahadhari kwa anayehamia prosesa za ARM: huko, baada ya kutoa, C huwa 1 pale ambapo hapakuwa na kukopa, kinyume cha Arduino Uno.

Kosa la fundi wetu linarekebishwa kwa herufi moja, `brlo` iwe `brlt`. Kulikamata mapema kulihitaji jaribio ambalo maji ya bomba hayawezi kulitoa: ponda barafu, ichanganye na chumvi nyingi mpaka ishuke chini ya sifuri, tumbukiza kipima joto kilichozibwa vizuri, kisha usikilize kama mota inanyamaza.