c na n₀: namba mbili zinazomaliza ubishi

Mwaka 1976 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha makala fupi katika SIGACT News, jarida la wataalamu wa nadharia ya kompyuta. Kilichomkera kingeonekana kidogo kwa mtu wa kawaida: wenzake walikuwa wanatumia alama ya O kubwa kusema jambo ambalo O kubwa haiwezi kulisema. Mtu akiandika kwamba kazi fulani inahitaji "angalau O(n²)" hatua, ni kama mwenye duka anayetangaza kuwa kanga zake zinaanzia bei isiyozidi shilingi elfu kumi. Mteja atajua nini hapo?

Alama yenyewe ilikuwa ya zamani. Paul Bachmann, Mjerumani, aliitumia mwaka 1894 katika kitabu cha nadharia ya namba, na Edmund Landau akaieneza kuanzia 1909. Omega nayo ilikuwapo tangu 1914, ilipotumiwa na Hardy na Littlewood wa Uingereza kwa maana iliyotofautiana kidogo na ya leo. Alichofanya Knuth ni kugawa kazi: O iseme "haizidi", Omega iseme "haipungui", na Theta iseme yote mawili kwa pamoja. Mgawo huo ndio unaofundishwa sasa vyuoni, na ndio unaowatoa jasho wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hasa swali linapoishia na maneno "thibitisha kwa kutaja c na n₀".

Mfano wa kuanzia ni mwalimu mwenye rundo la karatasi za mtihani anayetaka kuzipanga kuanzia alama ndogo hadi kubwa. Anachukua karatasi moja moja na kuichomeka mahali pake kati ya zile alizokwisha kuzipanga, akiilinganisha na zilizopo kuanzia ile yenye alama kubwa na kurudi nyuma. Bahati ikimwendea mrama na karatasi zikaja zimepangwa kinyume kabisa, ya pili italinganishwa mara moja, ya tatu mara mbili, ya nne mara tatu. Karatasi 5 zitamgharimu ulinganisho 1 + 2 + 3 + 4, yaani 10. Karatasi zikiwa n, jumla ni hii:

```
f(n) = n(n − 1)/2 = n²/2 − n/2
```

Kwa karatasi 1,000 ni mara 499,500. Kwa karatasi 2,000 ni mara 1,999,000. Kazi imeongezeka maradufu, jasho limeongezeka karibu mara nne. Ukuaji wa namna hiyo ndio watu wanaoutaja wanaposema "ni n mraba". Lakini f(n) si n² kamili. Ni nusu yake, na bado kuna kipande kilichotolewa. Ili mtu aruhusiwe kusema ni n mraba bila kudanganya, inabidi ielezwe ni tofauti zipi zinapuuzwa na kwa masharti gani. Maelezo hayo ndiyo fasili.

Inasemwa kwamba f(n) ni O(g(n)) iwapo kuna namba chanya c, na kuna mahali pa kuanzia n₀, kiasi kwamba kwa kila n kuanzia n₀ na kuendelea:

```
f(n) ≤ c · g(n)
```

Omega ni hiyo hiyo iliyogeuzwa: f(n) ≥ c · g(n), kwa kila n kuanzia n₀ fulani. Theta inadai zote mbili zitimie kwa g(n) ile ile, na kila upande unaruhusiwa kuwa na c yake. Kazi ya c ni kumeza tofauti za vipimo, kwa mfano kompyuta ya ofisini kuwa na kasi mara tatu ya ile ya zamani. Kazi ya n₀ ni kusamehe vurugu za mwanzoni, pale n ikiwa ndogo na gharama za maandalizi zikiwa ndizo zinazotawala.

Sasa turudi kwa mwalimu. Kwamba f(n) ni O(n²) kunaonekana mara moja: n²/2 ikipunguzwa n/2 haiwezi kuzidi n²/2. Kwa hiyo c = 1/2 na n₀ = 1 zinatosha, na uthibitisho umekwisha. Mwenye kupenda namba nzima achague c = 1; si kosa, kwani fasili inadai kuwe na jozi moja inayofaa, haidai jozi iliyo bora kuliko zote. Wanafunzi wengi hupoteza muda wakitafuta "jibu sahihi" kana kwamba ni moja tu.

Upande wa Omega unahitaji kufikiri kidogo zaidi. Hapa c lazima iwe ndogo kuliko nusu, maana nusu kamili inazidi f(n) daima. Tujaribu robo. Tunataka n²/2 − n/2 ≥ n²/4. Tukiondoa n²/4 pande zote na kuhamisha n/2, tunabaki na n²/4 ≥ n/2, na hilo ni kweli mradi n isiwe chini ya 2. Basi c = 1/4 na n₀ = 2. Pande zote mbili zimepata namba zake, kwa hiyo f(n) ni Theta ya n².

Kumbuka tulichokipima: ulinganisho katika hali mbaya kuliko zote. Karatasi zikija tayari zimepangwa, mwalimu yule yule hulinganisha mara n − 1 tu, na hiyo ni Theta ya n. O kubwa si jina jingine la hali mbaya, wala Omega si jina la hali nzuri, ingawa mazungumzo ya kazini huzichanganya kila siku. Kwanza mtu anachagua hali anayoipima, ndipo anaiwekea kikomo cha juu, cha chini, au vyote viwili.

Si kila hesabu hutoka kirahisi hivyo. Tuseme programu fulani hufanya hatua 3n² + 20n + 50, na mtu anataka kuonyesha kuwa ni O(n²). Njia ya haraka ni kukuza kila kipande hadi kifikie n². Kuanzia n = 1, 20n haizidi 20n², na 50 haizidi 50n². Ukijumlisha, yote hayazidi 73n². Kwa hiyo c = 73, n₀ = 1. Ni uthibitisho halali kabisa, ingawa 73 ni kubwa kiasi cha kuchekesha.

Asiyependa 73 anaweza kuibana c na kulipia kwa n₀. Achukue c = 4. Sharti linakuwa 3n² + 20n + 50 ≤ 4n², yaani n² ≥ 20n + 50. Ikiwa n ni 22, kushoto ni 484 na kulia ni 490, bado. Ikiwa n ni 23, kushoto ni 529 na kulia ni 510, na kuanzia hapo kushoto huzidi kujitenga, kwa sababu n ikishafika 10, kila hatua moja huongeza n² kwa 21 au zaidi, ilhali kulia huongezeka kwa 20 tu. Kwa hiyo n₀ = 23. Akiibana c zaidi hadi 3.1, atasubiri hadi n₀ = 203. Na akitaka c = 3 atasubiri milele, maana 20n + 50 haifutiki. Maneno ya "kwa sababu" katika hatua ile ndiyo yanayobeba uthibitisho. Kuonyesha kwamba 23, 24 na 25 zinafaa hakusemi lolote kuhusu milioni.

Kitu kimoja hakina msamaha: c na n₀ hutajwa kwanza, kabla n haijajulikana. Anayedai huweka namba zake mezani. Mpinzani wake ndiye anayechagua n, kubwa atakavyo. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kuandika "c = n" akadai kwamba n² ni O(n). Kwa utaratibu huo huo dai la uongo huangushwa. Tuseme mtu anashikilia kuwa ulinganisho wa mwalimu, n(n − 1)/2, ni O(n), akiwa na c yake mfukoni. Basi n(n − 1)/2 ≤ cn, na tukigawanya kwa n tunapata n ≤ 2c + 1. Mpinzani anachagua n inayozidi 2c + 1 na pia n₀, na dai limeanguka. Akija na c = 1,000, atajibiwa kwa n = 2,002, au kubwa zaidi ikiwa n₀ yake iko mbali.

Kosa linalowanasa hata wazoefu ni lile la c inayokua kimyakimya. Chukua njia nyingine ya kupanga: gawa rundo katikati, panga kila nusu, kisha unganisha. Tuseme kuunganisha kunagharimu n, rundo la karatasi moja linagharimu 1, na n ni namba zinazopatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2:

```
T(n) = 2T(n/2) + n,  T(1) = 1
```

Mtu anataka kuthibitisha kuwa T(n) ni O(n). Anakubali kwamba nusu haizidi c(n/2), anaingiza, na kupata cn + n. "Hiyo ni O(n)," anaandika, na kuweka kalamu chini. Lakini alianza na c na amemaliza na c + 1. Ahadi ilikuwa c ile ile kwa kila n, na hapa kila rundo likiongezeka maradufu c inapanda kwa moja. Namba zenyewe zinamsuta: T(2) ni 4, T(4) ni 12, T(8) ni 32. Gawanya kwa n, utapata 2, 3, 4. Kwa rundo la 1,024 utapata 11, na hakuna dari.

Kikomo sahihi ni n log₂ n. Tukikubali kwamba nusu haizidi c(n/2) log₂(n/2), kisha tukaingiza, tunapata cn log₂ n − cn + n. Safari hii kuna −cn ya kummeza yule n wa kuunganisha, mradi c isipungue 1, na tunarudi palepale tulipoahidi, cn log₂ n, bila ziada. Kilichobaki ni mahali pa kuanzia. Kwa n = 1 haiwezekani: log₂ 1 ni sifuri, kulia kunakuwa sifuri kwa c yoyote, na kushoto kuna 1. Kwa n = 2 kushoto ni 4 na kulia ni 2c, kwa hiyo c haiwezi kupungua 2. Jozi ya kuandika kwenye karatasi ni c = 2 na n₀ = 2.