Kutoa moshi katika ukumbi wa ghorofa nyingi

Katika ukumbi ulio wazi kutoka chini hadi paani, mbunifu huanza kwa kuamua tabaka la moshi liishie wapi. Kwa kawaida sehemu yake ya chini hubaki angalau mita 2 juu ya sakafu ya ushoroba wa juu kabisa unaotumiwa na watu kutoroka.

Urefu huo ndio unaoamua ukubwa wa feni. Moshi unapopanda huvuta hewa safi pembeni, hivyo wingi wake huongezeka njiani. Moto wa megawati 5, ambao megawati 3.5 hupanda na moshi, huzalisha takriban kilo 56 kwa sekunde tabaka likiwa mita 10 juu ya moto. Kwenye mita 15 ni kilo 105, karibu maradufu, ingawa moto ni uleule.

Hewa ya kufidia lazima iingie chini ya tabaka, isizidi takriban mita 1 kwa sekunde inapoufikia moto. Ikizidi, huinamisha nguzo ya moshi na kuinenepesha. Kwa mita 10, hilo hudai matundu ya mita za mraba 47 hivi, jambo ambalo wasanifu wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Matundu yakipungua, milango ya kutokea inayofunguka kwenda nje huwa mizito kusukuma.