Nukta Kwanza, Matope Baadaye

Walimu huwa wamekaa wawiliwawili kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yamegota mbao, kila mmoja na nakala ya insha ileile. Ni kikao cha mafunzo kazini, kama vile vinavyofanyika Tanzania chini ya mpango wa MEWAKA, ambapo walimu wa shule moja hukutana kujifunza wao kwa wao. Mwezeshaji haanzi na nadharia. Anasema tu: sahihisheni kama mnavyosahihisha siku zote, mna dakika tatu, msiangaliane.

Insha ni ya Darasa la Sita, imetungwa kwa ajili ya zoezi, ila kila mwalimu aliyewahi kubeba rundo la madaftari kwenda nayo nyumbani ataitambua. Kichwa chake ni "Siku Niliyoogopa", na kiini chake ni hiki:

"Siku iyo tuliamka mapema mimi na kaka yangu tukaenda kuchota maji mtoni mto ulikuwa umejaa alafu kaka akateleza nika mshika mkono akatoka tuka rudi nyumbani mama akatupika chai."

Dakika tatu zikiisha, karatasi hubandikwa ukutani. Nyingi zinafanana: kila neno lililokosewa limezungushiwa duara, neno sahihi limeandikwa juu yake, na chini kuna alama pamoja na "Ongeza bidii" au "Mwandiko mbaya". Hapo mwezeshaji huuliza swali linalobadilisha kikao. Mtoto huyu akifungua daftari kesho asubuhi, atafanya nini?

Kwa kawaida hakuna cha kufanya. Makosa yameshasahihishwa na mwalimu, na "ongeza bidii" haimwambii aiongeze wapi. Kinachobaki ni kuhesabu madoa mekundu na kuamua kama yeye ni mtu anayejua kuandika au la.

Mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi walikusanya tafiti nyingi zilizopima athari za mrejesho, shuleni na kazini. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya ulinganisho walioufanya ulishusha kiwango cha kazi. Maelezo yao ni kwamba hatari huongezeka pale mrejesho unapoyatoa mawazo ya mtu kwenye kazi na kuyarudisha kwake mwenyewe: mimi ni nani, wananionaje. Jambo hili linahusu sifa pia. "Una akili sana" inamgusa mtu kama vile "mzembe" inavyomgusa, na aliyeitwa mwenye akili ana cheo cha kulinda. Akiogopa kukosea ataandika insha fupi, salama, isiyo na neno asilolijua vizuri.

Kwa hiyo kumlinda mtoto hakumaanishi kuficha makosa. Wengine wamefundishwa kuanza na sifa, kuweka kosa katikati, kisha kumalizia na sifa. Sikatai, ila watoto si wajinga. Baada ya wiki chache wanairuka sifa ya mwanzo na kusubiri "lakini".

Turudi mtoni. Insha ile ina makosa ya aina nne. Herufi "h" imedondoka katika "iyo" na "alafu". Neno moja limekatwa mara mbili: "nika mshika", "tuka rudi". Pana "akatupika" badala ya "akatupikia". Na katika kifungu kizima kuna nukta moja tu, ya mwisho. Mwalimu anayetaka kusaidia huchagua aina moja, na kipimo cha kuchagua ni kosa lipi linamzuia msomaji. "Alafu" haimzuii mtu kuelewa. Kukosekana kwa nukta kunamzuia: msomaji hajui wazo linaishia wapi. Basi leo ni nukta.

Lakini kabla ya nukta kuna kisa chenyewe. Mto umejaa, kaka anateleza, na maneno matatu baadaye ameshatoka. Mtoto ameandika kuhusu siku aliyoogopa bila kutuonyesha woga. Maoni yanayotokana na usomaji wa namna hii huwa mafupi: "Kaka alipoteleza nilishtuka. Ila ametoka upesi mno. Ulimshikaje? Ulisikia nini? Ongeza sentensi tatu hapa. Kisha soma kwa sauti, na kila wazo linapokwisha weka nukta. Nimeona sehemu tatu zinazohitaji nukta, zitafute."

Sifa imo, japo haina neno la kusifu: msomaji alishtuka, na mahali panajulikana. Kosa limo pia. Mwalimu hakuweka nukta yeye, kwa sababu akiziweka mtoto atanakili tu. Njia hii ina mpaka wake, maana mtu hutafuta anachokijua. Asiyejua tofauti ya "kupika" na "kupikia" hatalipata kosa hata ukimwekea mistari kumi pembeni. Hilo halihitaji maoni, linahitaji kipindi, na likionekana katika madaftari mengi linaandikwa kwenye andalio la somo la wiki ijayo.

Mtoto aliyepewa maoni yale anaweza kurudi na hiki: "Kaka aliteleza. Nikalala kifudifudi nikamshika mkono, lakini ulikuwa na matope ukaponyoka. Alafu nikashika shati lake." "Alafu" bado ipo. Mwalimu anaiacha. Itafika zamu yake.

Swali la kwanza kutoka kwa walimu halikawii: madaftari sabini nitayaandikia lini? Hesabu ni rahisi, dakika tatu kwa kila moja ni saa tatu na nusu. Haiwezekani kila wiki, na anayedai inawezekana pengine hajashika chaki siku nyingi. Kinachowezekana ni zamu. Katika kila insha wanafunzi kumi na tano hupata maoni kamili, na waliobaki husomwa harakaharaka huku mwalimu akinukuu makosa mawili yaliyoenea. Makosa hayo hushughulikiwa ubaoni, kwa kifungu alichokitunga mwenyewe. Kusoma mbele ya darasa insha dhaifu ya mwanafunzi anayejulikana ndiyo njia ya haraka ya kumnyamazisha. Kisha dakika kumi na tano za kipindi hutengwa ili kila mtoto arekebishe papo hapo. Zikikosekana hizo, hata maoni mazuri huishia kufunikwa na daftari.

Linalozua ubishi zaidi ni alama. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti aliowafanyia wanafunzi nchini Israeli. Wengine walipewa maoni tu, wengine alama tu, wengine vyote viwili. Waliopata maoni tu ndio walioendelea vizuri. Kuongeza maoni kwenye alama hakukusaidia. Kazi zenyewe hazikuwa insha, lakini mwalimu yeyote amewahi kumwona mtoto akifungua daftari, akisoma namba, akichungulia ya jirani, akafunga.

Hata hivyo mzazi anataka namba, na mthibiti ubora wa shule akija anataka kuona daftari limesahihishwa. Baadhi ya walimu huandika alama kwenye daftari lao la kumbukumbu, mtoto hupata maoni, na alama huingia daftarini mwake baada ya kuandika upya. Ni vema mwalimu mkuu awe amekubali mapema, kwani kurasa zenye wino mchache huonekana kama uvivu kwa asiyeelezwa.

Kujua kama yote haya yanafanya kazi hakuhitaji mtihani. Mwalimu huziweka insha tatu za mtoto mmoja mezani kwa kufuatana. Nukta zikiwa zimeongezeka, anahamia kwenye "h". Akikuta ameandika "zingatia nukta" katika zote tatu, anaacha kuandika, anavuta kiti karibu na mtoto wakati wa mapumziko, na wanaisoma insha pamoja kwa sauti.